Damu Baada ya Hedhi Kukoma

(Mazungumzo ya Afisa Elimu ya Watu Wazima kwa wahitimu wa kisomo, Rhotia)

  

Leo nitasema jambo ambalo halisemwi barazani. Mimi kwenu ni mtoto, na mtoto kumtajia mama yake habari za hedhi ni aibu. Basi mnisamehe mapema. Nimeomba akina baba nao wabaki, wasitoke nje. Nauli ya kwenda hospitali mara nyingi hutoka mfukoni mwa baba, na baba asiyejua safari ni ya nini ataona ni afadhali anunue mbolea.

Jambo lenyewe ni hili. Mama amekoma hedhi. Umepita mwaka mmoja, au mitano, au ishirini. Halafu siku moja anaona damu kwenye nguo yake. Haumwi tumbo. Analima kama kawaida, anabeba kuni kama kawaida. Damu hiyo ni nini?

Wapo wanaosema, "Ujana umerudi," na wanacheka. Wapo wanaosema ni damu chafu inajitoa yenyewe, iache itoke. Wengine wanachemsha mizizi. Waganga wa hospitali wanasema hivi: mwanamke aliyekaa miezi 12 mfululizo bila kuona siku zake, kwa sababu ya umri, huyo amekoma hedhi. Damu yoyote itakayotoka baada ya hapo si hedhi. Hata ikiwa ni tone moja. Hata ikiwa ni maji yenye rangi ya waridi au ya kahawia. Lazima itafutwe ilikotoka, kwa sababu hiyo ndiyo dalili ya kwanza ya saratani ya mfuko wa uzazi.

Msitishike. Katika akina mama 10 wanaotoka damu ya namna hiyo, kama 1 tu ndiye hukutwa na saratani hii. Wengine 9 wana mambo mengine. Kwa wengi ngozi ya ndani imekuwa nyembamba na kavu kwa sababu ya umri, ikikwaruzwa kidogo inatoa damu. Wengine wana kinyama kidogo kimeota ndani kama uyoga, na hicho hakina ubaya mkubwa. Lakini tugeuze hesabu upande wa pili. Katika akina mama 10 waliougua saratani hii baada ya kukoma hedhi, kama 9 waliona damu. Maana yake ni kwamba ugonjwa huu hupiga hodi mapema, tofauti na saratani nyingine nyingi zinazojificha mpaka zimeenea. Tatizo ni kwamba hodi hiyo haina maumivu, na sisi tumezoea kwenda hospitali tukiumwa.

Sasa tuuangalie mfuko wenyewe. Chukua kibuyu kidogo, kigeuze shingo iwe chini na tumbo liwe juu. Ndivyo mfuko wa uzazi ulivyo. Kwa mama mzee ni mdogo, haujazi hata kiganja. Ile shingo ndiyo shingo ya kizazi. Lile tumbo la kibuyu ndimo mimba hukaa. Ndani ya tumbo hilo kuna utando laini, kama udongo uliosiribwa ukutani. Mwanamke akiwa bado anapata siku zake, utando huo hukua kila mwezi, halafu hubomoka na kutoka. Hiyo ndiyo hedhi. Saratani tunayoizungumza inaanzia katika utando huo.

Kwa nini inaanza? Sisi hapa tunalima ngano, basi nitatumia ngano. Mwilini mwa mwanamke kuna vichocheo viwili. Kimoja kinaitwa estrojeni. Hicho ni kama mvua, kinaotesha utando. Cha pili kinaitwa projesteroni. Hicho ni kama jua la mwishoni, linalokausha ngano ikakomaa, ikavunwa. Mvua ikinyesha bila jua kuja, shamba haliivi. Linaendelea kuota ovyo, na magugu yanaingia. Basi mama anapokoma hedhi, projesteroni huisha. Estrojeni hupungua sana, lakini haiishi kabisa, kwa sababu mafuta ya mwilini yanaendelea kuitengeneza kidogo kidogo. Mama mnene ana mafuta mengi, kwa hiyo utando wake unapata mvua kila siku bila jua. Ndiyo maana ugonjwa huu huwapata zaidi akina mama wanene, wenye kisukari, wasiozaa kabisa, na waliochelewa kukoma hedhi. Lakini isiwe sababu ya mama mwembamba kukaa nyumbani. Iko namna ya pili ya saratani hii ambayo haitegemei mafuta wala estrojeni, na hiyo ni kali zaidi.

Hapa pana kosa ambalo nalisikia mara kwa mara, na nataka nilikalie kidogo. Mama anasema, "Mimi nilipimwa saratani ya kizazi kwenye kampeni, nikaambiwa ni mzima." Ni kweli, alipimwa. Muuguzi alipaka siki kwenye shingo ya kizazi na kuangalia kama pana mahali palipogeuka kuwa peupe. Ni kipimo kizuri, kimeokoa wengi. Lakini kinaangalia shingo ya kibuyu tu. Hakiingii tumboni. Isitoshe, kwa mama mzee sehemu inayotakiwa kutazamwa mara nyingi imejivuta ndani ya shingo, macho hayaioni vizuri. Vivyo hivyo ile chanjo ya wasichana iliyoanza kutolewa nchi nzima mwaka 2018 inakinga shingo ya kizazi, haikingi utando wa tumboni. Kwa hiyo majibu mazuri ya siki si majibu ya damu hii. Na shingo nayo isisahauliwe, kwa maana saratani ya shingo ya kizazi pia hutoa damu, na katika nchi yetu ndiyo inayoongoza kwa wanawake. Daktari mzuri ataangalia shingo na tumbo vyote viwili.

Sasa nitatoa mfano. Mama huyu simjui, nimemtunga ili tuelewane, lakini njia atakayopita ndiyo njia yenyewe.

Ana miaka 61. Alikoma hedhi akiwa na miaka 53. Ni mnene kiasi, anatumia dawa za kisukari. Mwezi wa nne, wakati wa palizi, aliona matone matatu kwenye nguo. Hakusema. Mwezi wa saba yakaja tena, siku mbili. Binti yake, aliyesoma kisomo kama ninyi, akachukua daftari akaandika: tarehe, siku ngapi, vitambaa vingapi, rangi gani. Akamwambia mama yake aweke kitambaa cheupe safi na aangalie vizuri damu inatoka wapi. Maana damu ya njia ya mkojo, kama ya kichocho, huonekana wakati wa kukojoa, na damu ya bawasiri huonekana wakati wa kwenda choo kubwa. Hii ilikuwa inalowesha kitambaa hata akiwa amelala.

Wakaenda kwa mganga hapa Rhotia. Naye alisoma daftari lile na hakupoteza muda. Hakumpa vidonge vya kukata damu akamrudisha nyumbani. Akaandika barua ya kwenda Karatu mjini, ambako kuna Hospitali ya Kilutheri na ile ya FAME.

Huko daktari alimwuliza maswali mengi: dawa gani unatumia, za hospitali na za kienyeji, nani katika ukoo wenu aliugua saratani ya mfuko au ya utumbo. Akapima presha, akapima wingi wa damu, akaiangalia shingo ya kizazi kwa macho. Halafu mama akapigwa picha ya mawimbi ya sauti, kipimo kile kile wanachopimwa wajawazito. Kwa mama mzee picha hiyo hupigwa vizuri zaidi kwa kuingiza kifaa chembamba kupitia njia ya uzazi, asishangae. Wanachopima ni unene wa utando. Kwa mama aliyekoma hedhi, utando wa milimita 4 au chini ya hapo, karibu unene wa punje ya hindi iliyolazwa, unaonyesha kwamba saratani si rahisi kuwepo. Wa mama yetu ulikuwa milimita 13.

Je, milimita 13 ni saratani? Hapana. Picha inasema utando ni mnene, haisemi kwa nini. Unaweza kuwa mnene kwa kile kinyama cha uyoga, au kwa kuota ovyo ambako bado si saratani. Tena kuna upande wa pili wa jambo hili, na ni muhimu kwetu sisi watu weusi. Uchunguzi uliotolewa Marekani mwaka 2024 juu ya wanawake weusi ulionyesha kwamba ukitegemea unene peke yake, karibu 1 kati ya wagonjwa 10 wa saratani hii anaachwa, kwa sababu utando wake ulionekana mwembamba. Kwa hiyo mama aliyeambiwa utando wake ni mwembamba, na damu ikarudi tena, asikubali kuishia kwenye picha.

Kinachothibitisha ni kinyama chenyewe. Utando unachukuliwa kidogo, unatazamwa kwa hadubini. Hakuna damu ya mkononi, hakuna mkojo, hakuna picha inayoweza kuchukua nafasi ya hiyo.

Nieleze unavyochukuliwa, kwa sababu hofu kubwa iko hapa. Watu wakisikia "kukata nyama" wanaona kisu. Hakuna kisu. Kuna mrija wa plastiki, mwembamba kama milimita 3, unaopindika. Waganga wengi wanauita pipeli. Ndani ya mrija kuna kijiti, kama kile cha kusukumia dawa kwenye bomba la sindano. Mama hupewa kwanza dawa ya maumivu, amnywe nusu saa au saa moja kabla. Halafu analala chali, kama anavyolala wakati wa kupimwa siki. Daktari anafungua njia kwa chombo kile kile, anasafisha shingo ya kizazi, anapitisha mrija taratibu kwenye tundu la shingo mpaka ugote juu kwenye tumbo la kibuyu. Anavuta kijiti. Mrija unanyonya. Anauzungusha, anaupeleka mbele na nyuma mara kadhaa ili kugusa pande zote, kisha anautoa. Ule utando umeingia ndani ya mrija kama uzi wa ute na damu.

Kazi hiyo yote ni dakika chache. Haimlazimu mama kulazwa wala kuchomwa sindano ya usingizi. Inauma? Ndiyo, inauma kama tumbo la hedhi kali, halafu inapoa. Wengine huona kizunguzungu, basi wapumzike kabla ya kupanda gari. Damu kidogo siku moja au chache si neno. Lakini damu ikizidi, au homa ikaja, au uchafu wenye harufu mbaya, arudi hospitali siku hiyo hiyo.

Mara nyingine mrija hauingii. Kwa mama mzee lile tundu la shingo huweza kuwa limejifunga. Hapo daktari asilazimishe. Mama anapelekwa chumba cha upasuaji, anapewa usingizi, tundu linapanuliwa na utando unakwanguliwa. Au katika hospitali kubwa wanaingiza kamera nyembamba, wanaona kwa macho ni wapi pa kuchukua.

Kile kinyama kikishatoka kinaingia katika chupa yenye dawa iitwayo formalini. Hapa ndipo mambo mengi huharibika, na si kwa ukubwa wa kosa bali kwa udogo wake. Kinyama kikiwekwa kwenye maji matupu kinaoza. Kikiachwa kikavu kinakauka. Dawa iwe nyingi, kama mara kumi ya kinyama chenyewe, kizame kabisa. Chupa iandikwe jina na namba ubavuni, si kwenye kifuniko, maana vifuniko hubadilishana. Ninyi mnajua kusoma. Kabla ya kuondoka omba uione chupa, usome jina lako. Kama limeandikwa la mwingine, sema pale pale. Hakuna atakayekasirika, na akikasirika, potelea mbali.

Chupa husafiri mpaka kwenye maabara yenye daktari bingwa wa kusoma vinyama. Kwa upande wetu wa kaskazini, Hospitali ya KCMC ya Moshi, iliyofunguliwa mwaka 1971, inayo maabara ya namna hiyo. Kule kinyama kinagandishwa kwenye nta, kinakatwa vipande vyembamba kupita karatasi, kinatiwa rangi, ndipo kinatazamwa. Hii si kazi ya saa moja. Huchukua siku kadhaa, mara nyingi majuma. Mama aulize, "Majibu nifuate lini, na kwa nani?" Aandike tarehe. Aache namba ya simu ya mtu ambaye hubadilishi laini kila mwezi.

Mama yetu wa mfano alifuata majibu yake juma la tatu. Karatasi ilikuwa ya Kiingereza. Alimwomba daktari aandike kwa Kiswahili chini yake, na daktari akaandika: "Kinyama hakitoshi."

Ndugu zangu, maneno haya mawili yamepotosha wengi. Mama anasikia hawakuona kitu, anashukuru Mungu, anarudi shambani. Lakini "hakitoshi" si "hakuna saratani." Ni kama umemtuma mtoto akachote maji kisimani, akarudi na tone moja, ukauliza kama maji ni safi. Hujui. Kama utando ulikuwa mwembamba na damu imekwisha kabisa, daktari anaweza kuamua kungoja huku akimwangalia. Lakini huyu ana milimita 13 na damu bado inatoka. Huyo lazima arudiwe. Na hata mrija ukipata kinyama cha kutosha na kisionekane kibaya, damu ikiendelea lazima arudiwe, kwa sababu mrija hugusa sehemu tu ya ukuta. Uvimbe ukiwa mdogo umejificha kwenye kona, mrija unaweza kuupita.

Basi akapewa usingizi, akakwanguliwa. Safari hii jibu lilikuwa wazi: saratani ya utando wa mfuko wa uzazi, daraja la 1. Daraja maana yake ni jinsi chembe zinavyofanana na chembe za kawaida. La 1 zinafanana sana, ugonjwa unakwenda polepole. La 3 hazifanani kabisa, ugonjwa unakwenda mbio.

Angeweza pia kupewa jibu la katikati, kwamba utando umeota ovyo lakini si saratani. Kama chembe bado ni za kawaida, hutibiwa kwa projesteroni, lile jua lililokosekana, na baada ya miezi kinyama hupimwa tena. Kama chembe zimeanza kuharibika umbo, mama aliyekoma hedhi hushauriwa mfuko utolewe, kwa sababu wengi wa namna hiyo hukutwa saratani imekwisha kuanza pembeni.

Mama yetu alipigwa picha nyingine kuona kama ugonjwa umetoka nje ya mfuko. Haukuwa umetoka. Akafanyiwa upasuaji wa kutoa mfuko wa uzazi pamoja na mirija yake na mayai yake. Kwa ugonjwa uliokamatwa hapo, daraja la chini, bado ndani ya mfuko, upasuaji peke yake huwatosha wengi na wanapona. Ugonjwa ukikutwa umezama ndani ya nyama ya mfuko au umetoka nje, huongezwa mionzi au dawa za sindano, na hapo safari huwa ndefu. Tofauti ya safari hizo mbili huweza kuwa ni yale matone matatu ya mwezi wa nne.

Baada ya mazungumzo niliulizwa maswali. Nayaandika hapa machache.

Mzee mmoja aliuliza kama mume anaweza kuambukizwa. Hapana. Saratani hii haiambukizi, wala hailetwi na uasherati. Mume asimkimbie mkewe, na mke asishutumiwe.

Mama mmoja alisema, "Mwanangu, tumesikia saratani ikiguswa na chuma inasambaa." Nilimwambia, mama, kuchukua kinyama kwa mrija hakusambazi saratani. Watu wameona mgonjwa akipimwa, kisha akafa, wakadhani kipimo ndicho kilichomwua. Aliuawa na miezi aliyokaa nyumbani kabla ya kupimwa.

Mama mwingine, wa miaka 49, alisema kwa sauti ndogo kwamba alikaa miezi minane bila kuona siku zake, kisha zikarudi. Je, naye? Nilimjibu kwamba miezi minane haijafika 12, kwa hiyo huenda ni hedhi inaaga, na kuaga kwake huwa kwa vipindi. Lakini damu ikija nzito yenye mabonge, au ikidumu zaidi ya juma, au ikitoka katikati ya siku zake, asingoje ile miezi 12 itimie. Kwa umri wake daktari ana haki ya kuchukua kinyama. Nikamwuliza zilirudi lini. Akasema tangu juzi wiki mbili zilizopita, na bado zinatoka. Tulikubaliana aende asubuhi, na mumewe, aliyekuwa amekaa mstari wa nyuma, akauliza gari la kwanza la Karatu linapita saa ngapi.